Duka Lisilo na Mlango: Hesabu Halisi ya Kuuza Viatu vya Kariakoo kwa Njia ya Mitandao

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Katika Jiji la Dar es Salaam imejengeka biashara ambayo haina kibao wala mlango unaofunguliwa asubuhi. Muuzaji hununua bidhaa kwa bei ya jumla Kariakoo, huzipiga picha nyumbani kwake Kimara au Mbagala, huzibandika katika ukurasa wake wa Instagram na katika hali ya WhatsApp, kisha humkabidhi dereva wa bodaboda ili mzigo umfikie mteja aliyeko upande wa pili wa jiji. Ni biashara inayoweza kuanzishwa kwa mtaji mdogo, na ndiyo maana wengi huiingia. Uchambuzi huu unaangalia mahali ambapo mtaji huo hupotea, kwa kuwa mara nyingi haupotei kwa kukosa wateja.

Ni vema kwanza kutofautisha aina mbili za wauzaji ambao kwa mteja huonekana kama kundi moja. Wa kwanza ana bidhaa mkononi. Wa pili hana. Huyu wa pili yumo katika makundi ya WhatsApp ya wauzaji wa jumla, huchukua picha zinazorushwa humo, huongeza bei yake juu, na oda ikipatikana ndipo hukimbilia Kariakoo au humtuma winga, yaani yule mtu wa kati anayefahamu maduka na maghorofa ya huko, akamchukulie. Njia hii haihitaji mtaji wa bidhaa, lakini ina udhaifu mmoja mkubwa: muuzaji anaahidi kitu asichokihesabu. Picha iliyorushwa Jumatatu inaweza kuwa ya viatu vilivyokwisha Jumanne, au vilivyopanda bei, na watu kadhaa mjini wanaweza kuwa wanauza jozi ileile moja kwa wakati mmoja. Wengi huanza kwa njia hii, kisha wakapata mtaji na kuanza kuweka bidhaa nyumbani. Hapo ndipo hesabu hubadilika.

Tuchukue mfano wa muuzaji wa raba za kike. Duka la jumla humuuzia dazeni moja ya muundo na rangi moja ikiwa na namba zilizochanganywa: jozi moja ya namba 36, mbili za 37, tatu za 38, tatu za 39, mbili za 40 na moja ya 41. Hapewi nafasi ya kuchagua namba anazozitaka; dazeni huchukuliwa nzima au huachwa. Tuseme kila jozi ni shilingi 18,000, hivyo dazeni ni shilingi 216,000. Analipa shilingi 6,000 kusafirisha mzigo hadi nyumbani na shilingi 6,000 nyingine kwa mifuko kumi na miwili ya kufungia. Jumla ni shilingi 228,000, sawa na shilingi 19,000 kwa kila jozi. Anaamua kuuza kwa shilingi 30,000. Faida anayoiona kichwani ni shilingi 11,000 kwa jozi.

Wiki ya kwanza huenda vizuri. Namba 38 na 39 huondoka, kisha 40, kisha jozi moja ya 37. Baada ya wiki tatu ameuza jozi tisa na amekusanya shilingi 270,000. Kwa hesabu ya kichwani, faida yake ni jozi tisa mara shilingi 11,000, yaani shilingi 99,000, na kwa kuwa nyumbani kuna mahitaji, anaitoa fedha hiyo na kuitumia.

Sasa tuangalie kilichopo kweli. Katika kipindi hicho safari mbili zilirudi na mzigo kwa sababu mteja mmoja alizima simu na mwingine alikataa rangi. Kila safari iliyorudi ilimgharimu muuzaji shilingi 10,000 za kwenda na kurudi. Kifurushi cha intaneti kilimgharimu shilingi 15,000. Ukitoa katika shilingi 270,000 gharama ya dazeni nzima ya shilingi 228,000, kisha shilingi 20,000 za safari zilizorudi na shilingi 15,000 za intaneti, kinachobaki ni shilingi 7,000. Shilingi 7,000, pamoja na jozi tatu zilizobaki katika maboksi: namba 36, namba 37 na namba 41.

Muuzaji huyu hajaibiwa, wala hajapata hasara. Jozi zile tatu akiziuza kwa bei ya kuzimaliza, tuseme shilingi 20,000 kila moja, atapata shilingi 60,000 na faida ya dazeni nzima itakuwa shilingi 67,000. Kosa lake ni kuitumia faida kabla haijafika. Baada ya kutoa zile shilingi 99,000 na kulipia safari na intaneti, mkononi amebakiwa na shilingi 136,000, wakati dazeni inayofuata inahitaji shilingi 228,000. Hapo ndipo wauzaji wengi hukopa, au hurudi kuuza kwa picha za watu wengine, huku wakisema biashara imekuwa ngumu. Mtaji wao umelala katika namba 36 na namba 41.

Kutokana na mfano huo, kanuni ya kufuata ni kwamba fedha ya jozi za kwanza kuuzwa ni mtaji hadi dazeni nzima irudishe gharama yake. Katika dazeni hii, kwa bei ya shilingi 30,000, jozi ya nane ndiyo inayovusha gharama ya ununuzi. Safari zilizorudi na intaneti husogeza mpaka huo hadi jozi ya tisa. Kanuni ya pili inahusu kununua: kabla ya kuchukua muundo mpya, muuzaji aangalie ni namba zipi zimebaki katika miundo mitatu iliyopita. Akiona kila mara 36 na 41 ndizo zinazobaki, ana njia mbili. Anaweza kutafuta duka la jumla linalomruhusu kuchukua nusu dazeni ya namba za kati hata kwa bei iliyozidi kidogo, au kuweka tangu mwanzo bei ya kuanzia ambayo jozi tisa pekee zinaweza kuibeba dazeni yote.

Haya yote hayawezekani bila daftari. Si lazima liwe la kompyuta. Daftari la mistari linatosha, mradi kila jozi iwe na mstari wake na alama yake. Alama hiyo huandikwa kwenye boksi na pia kwenye picha, kwa mfano RB04-39, ikimaanisha raba za muundo wa nne, namba 39. Mteja anapouliza hutaja alama, na muuzaji hana haja ya kukisia ni kiatu kipi cha rangi ya maziwa kinachozungumzwa kati ya vinne vinavyofanana. Katika mstari huo huandikwa tarehe ya kununua, gharama, na hali ya jozi: ipo, imeshikwa, imetoka, imelipwa, au imerudi.

Hali ya "imeshikwa" ndiyo inayosababisha ugomvi mwingi. Mteja anaandika Instagram, "niwekee, nalipia jioni." Mwingine anapiga simu saa hiyohiyo akiitaka jozi hiyohiyo. Muuzaji asiye na utaratibu huwaahidi wote wawili, kisha jioni humtafutia mmoja maneno. Utaratibu unaofaa ni kuweka ukomo unaotamkwa: jozi hushikwa hadi saa 12 jioni ya siku hiyo bila malipo, na baada ya hapo hurudi katika "ipo" bila muuzaji kuhitaji kuomba radhi. Kila Jumapili, au siku yoyote isiyo na oda nyingi, maboksi huhesabiwa na kulinganishwa na daftari. Daftari likisema ipo na boksi halipo, ama jozi ilitoka bila kuandikwa, ama ilitumwa kwa mteja na fedha haijaingia. Kuligundua jambo hilo ndani ya wiki kunampa muuzaji nafasi ya kumpigia dereva au mteja ambaye bado analikumbuka.

Picha ni sehemu ambayo wauzaji huitumia muda mwingi na bado hukosea, kwa sababu huiona kama pambo. Katika biashara hii picha ni maelezo ya bidhaa, na kazi yake kubwa ni kuzuia safari ya kurudi. Mteja aliyekataa rangi katika mfano wetu huenda hakuwa msumbufu. Raba ya rangi ya maziwa ikipigwa picha usiku chini ya taa ya njano huonekana kama kahawia hafifu. Chini ya taa nyeupe ya mrefu huonekana nyeupe kabisa. Mwanga unaofaa ni wa dirishani au wa kivulini nje, asubuhi au alasiri, taa ya simu ikiwa imezimwa. Karatasi nyeupe ikiwekwa kando ya kiatu katika picha moja, mteja hupata kipimo cha kulinganisha: karatasi ikionekana ya njano, na kiatu pia kimepotoka rangi. Vichujio vya kurembesha, vinavyofaa kwa picha za harusi, hapa huzaa malalamiko.

Picha nne zinatosha kwa muundo mmoja: kiatu kutoka ubavuni, kutoka juu, soli, na picha ya karibu ya mshono. Ya tano, ambayo wengi huiacha, ni ya rula au futi ya fundi cherehani ikiwa imelazwa juu ya soli ya ndani kuanzia kisigino hadi kidoleni. Viwanda havifanani katika namba. 39 ya kiwanda kimoja inaweza kuzidi 39 ya kingine kwa nusu sentimita, na nusu sentimita inatosha kumfanya mteja arudishe kiatu. Muuzaji akiandika urefu wa soli ya ndani kwa sentimita, na kumwomba mteja apime kiatu anachokivaa sasa, anakuwa amemaliza mjadala wa namba kabla bodaboda haijawashwa.

Kuhusu picha za kunakili, suala lina pande mbili. Picha ni kazi inayolindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, hivyo kuichukua kwa mwingine na kufuta jina lake si jambo dogo. Lakini hata pale mwenye picha anaporuhusu, kama wafanyavyo wauzaji wa jumla, bado picha ile inaweza kuwa ya mzigo uliopita, wenye soli au kitambaa tofauti na kilichopo sasa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji katika biashara, na aliyeuza kwa picha isiyolingana na bidhaa hawezi kujitetea kwamba picha alirushiwa. Ni vivyo hivyo kwa nembo bandia: Sheria ya Alama za Bidhaa haimwachi muuzaji kwa sababu tu si yeye aliyeingiza mzigo nchini. Hii ni sababu mojawapo ya kudai risiti ya kielektroniki kila unaponunua Kariakoo. Ndiyo inayoonesha mzigo ulitoka duka gani.

Mnunuzi naye ana njia rahisi ya kujua kama anayezungumza naye ana bidhaa mkononi. Aombe picha au video fupi ya kiatu kilekile kikiwa kando ya karatasi iliyoandikwa tarehe ya siku hiyo. Mwenye bidhaa huifanya kazi hiyo kwa dakika mbili. Asiye nayo huanza kueleza kwa nini haiwezekani.

Jambo la bei linastahili kutajwa hapa, ingawa kwa ufupi. Mazoea ya kuandika "bei njoo inboksi" yanamchosha mteja na pia muuzaji, ambaye hujikuta akijibu swali moja mara arobaini kwa siku huku oda za kweli zikizama katikati ya maswali. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamtaka anayeuza kwa njia ya kielektroniki kumpa mlaji taarifa kuhusu yeye mwenyewe, bidhaa, bei na masharti ya muamala. Bei na gharama ya kufikisha mzigo zikiandikwa chini ya picha, sehemu kubwa ya mazungumzo hayo huisha.

Tukifika katika usafirishaji, umbo la Dar es Salaam lenyewe ndilo linaloamua gharama. Jiji limetanuka kwa kufuata barabara kuu: Morogoro kuelekea Kimara na Mbezi, Bagamoyo kuelekea Tegeta na Bunju, Nyerere kuelekea Gongo la Mboto, Kilwa kuelekea Mbagala, na ng'ambo ya bahari Kigamboni, inayofikiwa kwa kivuko au kwa Daraja la Nyerere. Kutoka barabara moja kwenda nyingine mara nyingi ni lazima kurudi karibu na katikati ya jiji. Muuzaji wa Kimara anayetuma mzigo mmoja Mbagala asubuhi, mmoja Tegeta mchana na mwingine Mbagala jioni analipia jiji zima mara tatu.

Wauzaji waliodumu hupanga siku kwa barabara. Jumanne na Ijumaa ni za Kilwa na Kigamboni, Jumatano na Jumamosi ni za Bagamoyo, na kadhalika, na ratiba hiyo hubandikwa juu ya ukurasa. Dereva mmoja akibeba mizigo mitano ya upande mmoja kwa shilingi 18,000, kila mzigo umegharimu shilingi 3,600. Mizigo hiyo mitano ikitumwa mmoja mmoja kwa shilingi 7,000, ni shilingi 35,000. Mteja mwenye haraka anaweza kulipa nauli kamili ya safari yake peke yake. Wengi wakioneshwa tofauti hiyo hukubali kusubiri siku moja. Katika msimu wa masika mpango huu huhitaji nafasi ya ziada, kwa kuwa bonde la Msimbazi likijaa maji barabara ya Morogoro hufungwa pale Jangwani, na mfuko wa karatasi unaopendeza pichani haufai bila mfuko wa nailoni ndani yake.

Safari inayorudi ndiyo adui mkubwa kuliko nauli yenyewe. Chanzo chake mara nyingi ni masharti ya malipo. Muuzaji akidai fedha yote mbele, mteja aliyewahi kutapeliwa hukataa. Akiruhusu kila kitu kilipwe baada ya kupokea, mteja hana anachopoteza akibadili mawazo. Suluhisho lililozoeleka sasa, na ambalo kwa maoni ya mwandishi ni la haki kwa pande zote, ni mteja kulipa nauli kwanza na kulipa bei ya bidhaa baada ya kuifungua na kuikagua mbele ya dereva. Aliyelipa shilingi 4,000 mbele ni nadra kuzima simu. Naye muuzaji hubeba sehemu yake ya hatari: kama bidhaa hailingani na picha, ni haki aigharamie safari ya kurudi na kurejesha ile nauli, na sharti hilo liandikwe tangu mwanzo. Tangazo la kwamba "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" halifuti wajibu ambao sheria imeuweka.

Malipo yapokelewe kwa Lipa Namba iliyosajiliwa kwa jina la biashara, ili jina analoliona mteja kabla ya kuthibitisha malipo lifanane na jina la ukurasa. Jina likitofautiana, mnunuzi asimame na kuuliza. Muuzaji naye asimruhusu dereva kuachia mzigo kwa kuoneshwa ujumbe katika simu ya mteja, kwani ujumbe wa kughushi ni rahisi kuutengeneza. Athibitishe kwa kuangalia salio katika menyu ya huduma yake ya fedha, kisha ampigie dereva. Ujumbe au namba ya utapeli itumwe kwenda 15040, na panapokuwa na upotevu wa fedha taarifa itolewe Polisi.

Maelekezo ya mahali nayo yamekuwa bora kuliko ilivyokuwa. Tangu Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022, mitaa mingi ya jiji ina majina yaliyobandikwa na nyumba zina namba. Hata hivyo wateja wengi bado hutuma ujumbe wa "ukifika kwenye mti mkubwa nipigie." Muuzaji aombe jina la barabara au mtaa, namba ya nyumba, na namba mbili za simu, na ayaandike yote kwenye kikaratasi kilichobandikwa juu ya mfuko pamoja na alama ya bidhaa. Dereva apige picha ya mfuko wakati wa kuukabidhi.

Kikaratasi hicho, pamoja na daftari, kinamweka muuzaji katika jambo ambalo wachache hulifikiria. Jina, simu na namba ya nyumba ya mteja ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inagusa anayezikusanya. Wauzaji hupenda kubandika ujumbe wa wateja na miamala yao kama uthibitisho kwamba wanaaminika. Mteja akiridhia, na jina pamoja na namba yake vikifunikwa, hakuna tatizo. Vikiachwa wazi, mteja ana haki ya kulalamika katika Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Lililobaki ni kodi na usajili. Namba ya utambulisho wa mlipakodi hutolewa bila malipo na Mamlaka ya Mapato Tanzania, jina la biashara husajiliwa kwa BRELA, na kuhusu leseni mhusika aulize katika halmashauri anayofanyia biashara, iwe ni Jiji, Kinondoni, Ubungo, Temeke au Kigamboni. Wauzaji wa vipodozi na vyakula wana hatua ya ziada ya kuhakikisha kuwa bidhaa inakubaliwa na Shirika la Viwango Tanzania. Kwa mfanyabiashara mdogo, makadirio ya kodi hufanywa kwa kuzingatia mauzo ya mwaka, na mwenye kumbukumbu hutendewa tofauti na asiye nazo. Muuzaji wetu wa raba aliyeuza jozi tisa na kubaki na shilingi 7,000 anaweza kulionesha hilo kwa daftari lake na risiti za Kariakoo. Asipokuwa navyo, afisa wa kodi ataona tu shilingi 270,000 zilizoingia katika simu.